Akiba ya Hija kwa mkulima wa korosho: benki, taasisi ya Hija au upatu?

Shangazi yangu ana shamba la mikorosho nje kidogo ya mji wa Newala, na nia yake ni kusimama Arafa mwaka 2030. Alipokuja kwangu Mtwara mjini alikuwa amebeba daftari la kurasa arobaini na nane, na katika ukurasa wa kwanza aliandika kwa kalamu nyekundu mistari mitatu tu: milioni 15, misimu minne, kila msimu 3,750,000. Akanisogezea daftari na kusema, "Mwanangu, wewe ndiye unayetunza hazina ya kikundi pale msikitini. Nitazamie kama hesabu hii imekaa sawa, halafu uniambie fedha niziweke wapi."

Kugawanya alikuwa amegawanya vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye idadi ya misimu, na kasoro hiyo nimeiona kwa watu wengi wa huku Kusini wanaoweka akiba ya Hija. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mahali pa kuweka fedha, naomba msomaji avumilie kidogo tuitazame kalenda, kwa sababu chaguo linalomfaa mtu hutegemea kwa kiasi kikubwa ni lini fedha zake huingia na ni lini fedha za Hija hudaiwa.

Siku ya Arafa ni tarehe 9 ya Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, na mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 Arafa iliangukia tarehe 15 Juni, na mwaka 2025 ikawa tarehe 5 Juni. Kwa mwendo huo, mwaka 2028 inatarajiwa mwanzoni mwa Mei, na mwaka 2030 karibu na tarehe 12 Aprili, kukiwa na tofauti ya siku moja kutegemea kuandama kwa mwezi. Msimu wa korosho hausogei namna hiyo. Minada huanza Oktoba, fedha za wakulima huingia kwenye akaunti zao baada ya mnada, na sehemu kubwa ya malipo huwa imekamilika kuelekea Januari. Kwa maneno mengine, kila mwaka Hija inausogelea msimu wetu kwa takriban siku kumi na moja.

Jambo la pili ni kwamba tarehe ya Hija siyo tarehe ya kulipa. Saudi Arabia hutaka mikataba ya mahema ya Mina, makazi na usafiri ifungwe na kulipiwa miezi kadhaa kabla. Kwa Hija ya 2025 mwisho wa kusaini mikataba hiyo ulikuwa katikati ya Februari, karibu miezi minne kabla ya Arafa, na mahujaji wapatao 67,000 wa Pakistani waliokuwa wamejiandikisha kwa mawakala binafsi walikosa safari kwa sababu mikataba na malipo hayakukamilika kwa wakati. Taasisi ya Hija inayopaswa kupeleka fedha Saudia kwa tarehe fulani itazitaka kwako wiki kadhaa kabla ya tarehe hiyo. Mimi hushauri watu wahesabu miezi mitano kamili kabla ya Arafa, na waichukulie hiyo kuwa ndiyo siku ya mwisho ya akiba yao.

Sasa turudi kwenye daftari la shangazi. Miezi mitano kabla ya Aprili 12, 2030 ni katikati ya Novemba 2029. Msimu wake wa nne, ule wa 2029/30, wakati huo utakuwa ndio kwanza umeanza: huenda mzigo wake wa kwanza umeuzwa, huenda bado uko ghalani, huenda umeuzwa na malipo hayajaingia. Misimu anayoweza kuitegemea ni mitatu, wa 2026/27, wa 2027/28 na wa 2028/29. Milioni 15 kwa misimu mitatu ni milioni 5 kila msimu, wala siyo 3,750,000. Kama angeendelea na hesabu yake ya kwanza, siku ya mwisho ingemkuta na 11,250,000, na upungufu wa 3,750,000 ungekuwa juu ya miti, bado haujadondoka. Hapo ndipo mtu hushawishika kuuza kwa kangomba, akapokea fedha taslimu kwa bei ya hasara kwa korosho ambayo wiki chache baadaye ingeuzwa mnadani. Hija anaweza kweli kwenda, lakini msimu mzima wa nyumba yake unakuwa umeliwa.

Nisisitize kwamba milioni 15 ni kiasi tulichokichukua kwa ajili ya hesabu. Bei halisi hutangazwa na taasisi kwa mwaka husika. Hata bei hiyo ikiandikwa kwa shilingi, ndani yake kuna tiketi ya ndege, hoteli na mahema yanayolipwa kwa dola na riali, na riali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986. Kwa hiyo mtazame dola. Gharama ya dola 5,600, dola ilipokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 2,300 hivi mwaka 2022, ilikuwa 12,880,000. Dola ilipofika 2,700 mwaka 2024, gharama ile ile ilikuwa 15,120,000. Hujaji hakuongezewa chakula wala godoro, na bado alidaiwa zaidi ya milioni mbili. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini anayeweka akiba ya miaka mitatu hawezi kujipangia kwamba atalipa siku ambayo shilingi iko vizuri.

Baada ya kalenda hiyo, njia zenyewe zinalinganishika. Watu wa huku hutumia tatu kwa wingi, na ya nne ambayo nitaigusa kwa ufupi.

Akaunti ya akiba ya Hija benki

Tanzania ina benki kamili ya Kiislamu, Amana, iliyoanza mwaka 2011, na benki nyingine kadhaa zimefungua madirisha ya Kiislamu, kama vile Al Barakah ya CRDB. Kinachotakiwa kuulizwa kwanza ni aina ya mkataba. Kuna akaunti ambazo benki inakutunzia fedha tu bila kukupa kitu, na kuna akaunti za mudharaba ambazo benki inafanyia biashara fedha zako na kugawana nawe faida kwa uwiano mliokubaliana tangu mwanzo. Faida ya mudharaba haiahidiwi kwa kiwango maalumu, na anayekuahidi kiwango maalumu cha nyongeza juu ya amana yako anakuelezea kitu kingine. Kwa akiba ya miaka mitatu, nyongeza hiyo si sababu ya kuchagua benki. Sababu ni nyingine mbili.

Ya kwanza ni kwamba benki inapokea fedha kwa mtindo ambao mkulima wa korosho anazipata, yaani kwa mafungu makubwa machache. Malipo ya mnada huingia kwenye akaunti ya mkulima, na siku hiyo hiyo anaweza kuhamisha fungu la Hija kwenda akaunti nyingine kabla fedha hazijageuka bati, pikipiki na michango ya sherehe. Msimu wa harusi na jando huku kwetu unafuata fedha za korosho kama kivuli, na anayesema "nitahamisha wiki ijayo" wiki ijayo huwa ameshachangia watu wanne. Ya pili ni kwamba akaunti hiyo inaweza kufunguliwa bila kadi na bila kuunganishwa na simu. Shangazi yangu alikataa kadi mwenyewe, akasema akitaka kuzigusa fedha hizo ni lazima apande gari. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko faida yoyote ya mudharaba.

Upungufu wa benki ni kwamba haikupi nafasi ya Hija. Unaweza kuwa na milioni 15 kamili mwezi Novemba na ukaambiwa nafasi za taasisi uliyoipenda zimejaa. Aidha, Bodi ya Bima ya Amana hufidia hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja iwapo benki itafungwa, na akiba ya Hija itakivuka kiwango hicho kabla ya kukamilika. Kwa hiyo akiba ikikaribia milioni 7 na nusu, fungu linalofuata lipelekwe benki ya pili. Hilo halimgharimu mtu zaidi ya asubuhi moja ya foleni. Na kwa kuwa deni lenyewe ni la dola, nauliza kila mara kama benki inaweza kumfungulia mtu akaunti ya dola. Sipendekezi kubadilisha kila kitu, maana kubadilisha nako kuna makato yake, lakini anayehamishia kwenye dola theluthi moja au nusu ya akiba yake kila msimu hatashtuliwa sana na soko la fedha katika mwaka wa mwisho.

Kulipa kwa awamu kwa taasisi ya Hija

Njia hii inavutia kwa sababu moyo unatulia: jina liko kwenye orodha, risiti iko mkononi, na baadhi ya taasisi humwingiza mtu mapema kwenye darasa la manasiki. Kwa mtu asiyeaminika na fedha zake mwenyewe, na wapo wanaolikiri hilo bila aibu, kuzitoa fedha nje ya uwezo wake ni kinga ya kweli.

Lakini fedha zikishatoka haziko tena kwako, na kipindi cha miaka mitatu ni kirefu. Mwaka 2020 na 2021 hakuna hujaji aliyeruhusiwa kuingia Saudia kutoka nje kwa sababu ya Uviko-19, na mwaka 2022 walioruhusiwa walitakiwa wawe chini ya miaka 65. Waliokuwa wameweka fedha benki walibaki na fedha zao. Waliokwisha kulipa taasisi walitegemea uaminifu wa taasisi hiyo, na zipo zilizorudisha kila senti au kuhamishia malipo kwenye mwaka mwingine bila usumbufu. Baba yangu mdogo hakuwa na bahati hiyo. Miaka kadhaa nyuma alimlipa milioni nne mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa kundi fulani, akamtumia kwa simu kwa namba yenye jina la mtu binafsi, na mwaka wa safari ulipofika ikadhihirika kwamba kundi halikuwa na nafasi hata moja. Fedha zilirudi vipande vipande kwa miezi kumi na minne, laki mbili leo, laki tatu baada ya Iddi. Zilirudi zote, ila Hija ya mwaka ule ilikuwa imepita, na aliposafiri hatimaye alikuwa tayari anatembelea fimbo.

Kwa hiyo anayechagua njia hii ahakikishe mambo machache kwa macho yake, asiyachukue kwa kuambiwa. Fedha zilipwe benki kwenye akaunti yenye jina la taasisi, jina lile lile lililo juu ya risiti. Aone kibali cha taasisi kwa mwaka ule atakaosafiri yeye, kwa sababu kibali cha mwaka jana hakimpi mtu nafasi mwaka huu. Aombe kuandikiwa ni kiasi gani kitarudishwa, na ndani ya siku ngapi, akifariki, akiugua, au Saudia ikifunga milango. Mwisho aulize swali ambalo wengi hulisahau: je, bei tuliyoandikiana leo ndiyo nitakayolipa mwaka 2030, au nitaongeza tofauti? Kama jibu ni kwamba utaongeza tofauti, basi taasisi haijakufungia bei. Imekutunzia fedha tu, na kwa kazi ya kutunza, benki ina usimamizi bora zaidi.

Vilevile asome kilichomo ndani ya bei. Mahujaji wengi wa kwetu huhiji kwa tamatui, ambayo inalazimu kuchinja, na mnyama huyo mara nyingine yumo kwenye bei na mara nyingine hayumo. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la viza. Na anayetoka Mtwara ana zaidi ya kilomita 550 za barabara mpaka Dar es Salaam kabla hajaiona ndege ya Jeddah, pamoja na malazi ya usiku mmoja au miwili kwa ndugu au gesti. Hayo, pamoja na chakula cha nyumbani kwa wiki tatu au nne za kutokuwepo kwake, hayamo kwenye milioni 15. Kwa shangazi tuliyawekea fungu la peke yake la 1,200,000, na nitaeleza linatoka wapi.

Upatu na kikundi cha akiba

Hapa naandika kama mtu wa ndani. Kikundi chetu pale msikitini kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na kila Jumamosi baada ya Alasiri fedha huhesabiwa juu ya mkeka mbele ya wote kabla ya kuandikwa. Nakipenda kikundi hiki, na bado simshauri mkulima kuweka fungu lake kuu la Hija humo.

Tatizo halipo kwenye uaminifu, lipo kwenye mwendo wa fedha. Upatu unadai kiasi kile kile kila mwezi. Mwalimu, muuguzi au mama mwenye meza ya samaki soko kuu anaweza kutoa shilingi 100,000 kila mwezi mwaka mzima. Mkulima anaweza kutoa Desemba na Januari kwa furaha, lakini ikifika Machi na Aprili, akiba ya ndani imepungua na palizi inadai vibarua, anaanza kukopa ili alipe upatu. Tena wakulima wakiwa wengi katika kikundi kimoja, wote hukwama mwezi mmoja, na aliyekuwa na zamu mwezi huo anapokea pungufu. Nimeona zamu ya watu kumi na wawili, ya shilingi 1,200,000, ikitolewa 700,000 mwezi Aprili, na iliyobaki ikalipwa baada ya ufuta kuuzwa. Kwa anayejenga choo hilo linavumilika. Kwa mwenye siku ya mwisho ya kulipa Hija halivumiliki.

Vikundi vya kukopeshana vina jambo la ziada. Gawio la mwisho wa mwaka katika vikundi vingi linatokana na riba wanayotozwa wakopaji, na anayekusanya nauli ya kwenda kwenye Nyumba Tukufu hawezi kulipita jambo hilo kama halipo. Kikundi chetu hukopesha bila nyongeza na hujiendesha kwa ada ndogo. Anayejiunga na kikundi kingine asome katiba yake kwanza, na atazame pia mzunguko unavunjwa mwezi gani. Mzunguko unaovunjwa mwishoni mwa Desemba hautamsaidia mtu anayetakiwa kulipa katikati ya Novemba.

Palipo na faida ni kwenye lile fungu dogo. Shangazi ana genge la mbogamboga linalompa fedha kidogo kila wiki, na fedha hizo haziwezi kusubiri safari ya benki. Akitoa shilingi 10,000 kila wiki kwenye kikundi cha wanawake kijijini kwake kwa wiki 40 za mwaka, ana 400,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ana 1,200,000. Huko ndiko itakakotoka nauli ya Dar, mnyama wa kuchinja na unga wa nyumbani. Ukichelewa upatu huo mwezi mmoja, Hija haivunjiki.

Njia ya nne ni mifugo, na sitaitolea maneno mengi. Watu husema mbuzi hawana riba, wanazaana, na bei yao hupanda Iddi ya Kuchinja. Ni kweli, lakini Iddi hiyo ni kesho yake ya Arafa yenyewe. Hujaji wa 2030 anayesubiri bei ya Iddi atakuwa anauza mbuzi siku ambayo alitakiwa awe Mina. Akitaka kunufaika na bei hiyo auze Iddi ya 2029, inayotarajiwa karibu na tarehe 24 Aprili, na fedha aziingize benki siku zile zile.

Kwa mtu wa mshahara uamuzi wangu ungekuwa tofauti kidogo: yeye anaweza kuagiza benki ikate kila mwezi, na siku ya mwisho kuwa Novemba au Februari haimbabaishi. Kwa mkulima wa korosho naona wazi kwamba fungu kuu likae benki kwa misimu mitatu, kikundi kibebe yale madogo ya pembeni, na taasisi ilipwe katika mwaka wa mwisho tu, kibali cha mwaka huo kikishaonekana. Kuna gharama ya kuchelewa huko, kwamba nafasi zinaweza kujaa. Inapunguzwa kwa kujiandikisha mapema na kutoa amana ndogo ya kushikia jina, ambayo mtu yuko tayari kuikosa kwa muda ikitokea shida. Taasisi inayokataa amana ndogo na kudai nusu ya bei miaka mitatu kabla, mimi ningeiacha.

Lakini je, milioni 5 kila msimu zitapatikana? Hapa ndipo nilipokaa na shangazi muda mrefu zaidi. Shamba lake likitunzwa humpa kilo 3,000 hivi. Bei haitabiriki: katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25 bei ya juu ilifika shilingi 4,120 kwa kilo, ilhali msimu mmoja nyuma yake ilizunguka shilingi 2,000. Tukakubaliana asijipangie kwa bei ya furaha. Kwa shilingi 2,500 atapata 7,500,000 kabla ya makato na vibarua, na kuondoa milioni 5 hapo ni kuiumiza nyumba. Kwa shilingi 3,500 atapata 10,500,000, na milioni 5 zinatoka bila kumlaza mtu njaa. Kwa hiyo hatukuandika kiasi kimoja cha kila msimu. Tuliandika kanuni: bei ikiwa 2,500 au chini ataweka milioni 3, na kwa kila shilingi 100 inayoongezeka juu ya hapo ataongeza 200,000. Bei ikifika 3,500, ataweka milioni 5.

Tukaweka pia kituo cha kujipima. Mwishoni mwa Januari 2028, baada ya misimu miwili, akiwa na milioni 9 au zaidi ataendelea na 2030. Akiwa na pungufu ya hapo, atahamishia nia yake mwaka 2031, ambao utampa msimu wa nne anaoukosa sasa. Alinyamaza kidogo niliposema hivyo. Nikamkumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii Hija inaweza kucheleweshwa kwa mwenye azma ya kuitekeleza, na kwamba wajibu wenyewe unamshukia mwenye uwezo, na uwezo huo unahesabiwa baada ya deni na masurufu ya wanaomtegemea. Kuuza kwa kangomba au kukopa ili kuiwahi tarehe hakumfanyi mtu kuwa na uwezo.

Ana kumbukumbu yake ya kucheleweshewa malipo, na ilinisaidia kumweleza. Msimu wa 2018 Serikali ilipoingia kununua korosho kwa shilingi 3,300, baadhi ya wakulima waliingia 2019 kabla ya kulipwa. Korosho ilikuwa imeuzwa, bei ilikuwa nzuri, ila fedha hazikuwepo mkononi. Ndiyo maana kwenye daftari lake tumeacha safu mbili, moja ya "imeuzwa" na nyingine ya "imeingia benki", na safu ya pili peke yake ndiyo inayojumlishwa.

Limebaki suala la zaka, ambalo halimo katika bei ya taasisi yoyote. Akiba ya Hija ni mali ya mwenyewe mpaka atakapoilipa, na kwa wanazuoni wengi ikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka wa mwezi mwandamo inatolewa zaka ya asilimia mbili na nusu. Anayepima nisabu kwa madini ya fedha, gramu 595, ataifikia katika msimu wa kwanza. Anayepima kwa dhahabu, gramu 85, ataifikia baadaye sana au hataifikia kabisa. Shangazi atamuuliza sheikh wake ni kipimo gani afuate, lakini hesabu yake tumeifanya kwa kipimo cha madini ya fedha: milioni 5 zikikaa mwaka zinatoa 125,000, na milioni 10 zinatoa 250,000. Jumla ni 375,000 kabla ya msimu wa tatu, na tumeziongeza kwenye lengo, likawa 15,375,000.

Ukurasa wa mwisho wa daftari tumeuachia maneno machache ya wasia, yenye sahihi yake na ya mashahidi wawili. Akifariki kabla ya safari, akaunti ya benki inaingia kwenye mirathi, na benki itamlipa msimamizi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto aliyeshika kitabu cha benki. Ikiwa Hija ilikwisha kumwajibikia, gharama ya kuhijiwa hutolewa kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana, sawa na deni jingine lolote. Kwa hiyo ameandika majina ya benki zote mbili, kikundi cha wanawake, jina la mtu anayemtaka awe msimamizi, na sentensi moja inayosema fedha hizo ni za Hija. Nakala moja amebaki nayo yeye, ya pili iko kwa imamu wa Newala, na ya tatu aliikunja mara nne akaniwekea mimi ndani ya msahafu wangu.